Safari ndefu wakati wa ujauzito: damu inayoganda miguuni na wiki zinazofaa kusafiri



Kila tunapokutana na abiria katika stendi ya Nyegezi, swali la mama mjamzito huwa lilelile: je, mtikisiko wa basi utaharibu mimba? Kwa ujauzito usio na matatizo, mtikisiko wa kawaida wa barabara hauharibu mimba. Jambo ambalo ni wachache wanaotuuliza ni lile la kukaa kitini saa nyingi bila kunyanyuka. Hilo ndilo tulilokusudia kulieleza leo.

Mwili wa mama mjamzito hujiandaa mapema kwa siku ya kujifungua, ili asipoteze damu nyingi. Kwa sababu hiyo damu yake huwa nyepesi kuganda kuliko ya mwanamke asiye na mimba. Wakati huohuo, mji wa mimba unaokua huikandamiza mishipa mikubwa inayorudisha damu kutoka miguuni, na damu hupanda polepole. Katika hali ya kawaida misuli ya shavu la mguu huisukuma damu hiyo juu kila tunapopiga hatua. Mtu akikaa amekunja magoti, misuli hiyo hulala, na damu iliyotuama yaweza kufanya bonge ndani ya mshipa. Bonge likikatika na kusafiri hadi kwenye mapafu, laweza kuua kwa muda mfupi.

Tusitishane kupita kiasi. Katika wajawazito elfu moja, wanaopatwa na tatizo hili ni mmoja au wawili hivi. Hata hivyo, hatari hiyo ni takriban mara nne hadi tano ya ile ya wanawake wa umri wao wasio na mimba, na safari ya kukaa zaidi ya saa nne huiongeza. Basi la kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam hupita Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na abiria hukaa kitini mchana kutwa na mara nyingi sehemu ya usiku. Ndege kwa safari hiyohiyo huchukua kama saa moja na nusu. Kwa habari ya damu kuganda, basi ndilo la kuangaliwa zaidi, ingawa watu wengi huiogopa ndege. Msafiri wa meli ya Bukoba ana nafuu moja, kwamba anaweza kusimama na kutembea atakapo.

Sasa tuchukue mfano. Mama mmoja wa Nyakato, mimba yake ya kwanza, anataka kwenda kujifungulia kwa mama yake mzazi Dar es Salaam. Siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho ilikuwa tarehe 5 Januari. Wiki huhesabiwa kuanzia siku hiyo, si kuanzia siku aliyojitambua kuwa mjamzito, na hapo ndipo wengi hukosea. Kwa hesabu hiyo, wiki ya 14 inatimia tarehe 13 Aprili, wiki ya 28 tarehe 20 Julai, wiki ya 36 tarehe 14 Septemba, na matazamio ya kujifungua ni tarehe 12 Oktoba.

Kipindi kati ya wiki ya 14 na ya 28 ndicho kwa kawaida kinachofaa zaidi kusafiri. Kichefuchefu kimepungua, wiki ambazo mimba nyingi huharibika zimepita, tumbo halijawa zito, na uchungu wa mapema bado si wa kutarajiwa kwa walio wengi. Kwa hiyo mama huyu angesafiri Juni au mwanzoni mwa Julai. Akingoja hadi Septemba, atakuta mambo mawili. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari au mkunga baada ya wiki ya 28, na hayapokei abiria aliyepita wiki ya 36. Kwa mimba ya mapacha mengi hukomea wiki ya 32. Masharti haya hutofautiana, na ni vyema kuyauliza kabla ya kulipa nauli, maana tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishiwi fedha. Basi halimdai barua, lakini uchungu waweza kumkuta njiani, mbali na hospitali.

Tuseme fedha inatosha basi tu. Achague kiti cha kando ya njia ya katikati, asikae dirishani ambako atahitaji kumwamsha jirani kila akitaka kusimama. Mizigo isiwekwe chini ya miguu. Kila nusu saa akunje na kukunjua vifundo vya miguu, vidole juu kisha chini, mara ishirini hivi, hata akiwa amefunga mkanda. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Wa begani upite katikati ya matiti. Basi likisimama ashuke atembee, hata kama hana haja ya kuchimba dawa.

Hapo kwenye kuchimba dawa pana tatizo ambalo wanaume hatulioni. Mama hujinyima maji tangu asubuhi kwa sababu hajui basi litasimama wapi, wala kama pana choo cha staha. Upungufu wa maji huizidisha hatari tunayoizungumzia. Anywe maji kidogo kidogo, na kabla ya kuondoka amweleze kondakta hali yake na kumwomba asimamishe njiani. Ombi hilo ni la haki.

Wapo ambao ushauri huu hauwatoshi: aliyewahi kupata bonge la damu, mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyelipata, mwenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi kwetu Kanda ya Ziwa, mwenye mapacha, au mwenye uzito mkubwa. Hao wamwone daktari kabla ya kukata tiketi. Daktari aweza kuwapa soksi maalumu za kubana au sindano ya kuzuia damu kuganda. Kumeza aspirini kwa uamuzi wa mtu mwenyewe hakuchukui nafasi ya sindano hiyo.

Dalili hutambulikaje? Miguu yote miwili kuvimba kidogo jioni ni kawaida ya ujauzito. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, hasa wa kushoto, ukauma kwenye shavu au paja, na ukawa wa moto mkononi, hiyo si kawaida. Katika ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane, basi linganisheni joto kwa kiganja. Dalili zaweza kuja siku au hata wiki kadhaa baada ya safari. Msikandekande mguu huo. Nendeni hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana ghafla, pumzi ikakatika au kikohozi kikatoka na damu, hapo ni kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Mama wetu wa Nyakato atajifungua Oktoba, na mume atataka arudi Mwanza upesi. Hapa familia nyingi hudhani hatari imekwisha. La hasha. Wiki sita za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya damu kuganda, na zaidi kwa aliyefanyiwa upasuaji. Ikiwezekana abaki kwa mama yake hadi mwishoni mwa Novemba. Akilazimika kurudi kabla ya hapo, amuulize kwanza daktari aliyemzalisha, na safari ya basi aifanye kwa vipande viwili, alale Dodoma au Singida.