Jina la Kwanza Kwenye Rejista

Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta wa kiwanja kimoja cha ufuoni Nyali, ikidai umeziba njia ya wananchi kufika baharini. Kampuni ya Dina Management ilikimbilia mahakamani. Ilikuwa na hatimiliki, ilikuwa imenunua kwa fedha, na rejista ya ardhi ilitaja jina lake.

Kwa desturi ya sheria ya ardhi, hapo ndipo mjadala ungeishia. Usajili wa ardhi wa aina hii, ulioasisiwa na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858, ulikusudiwa kumwondolea mnunuzi kazi ya kufukua hati za miaka mingi nyuma. Rejista ikishasema, inatosha. Kenya iliwahi kwenda mbali zaidi: chini ya sheria ya zamani ya ardhi iliyosajiliwa, Sura ya 300, usajili wa kwanza haukuweza kurekebishwa na mahakama hata kama ulipatikana kwa ulaghai. Mtu aliyemtangulia ndugu yake kuandikisha shamba la ukoo alilindwa na sheria yenyewe.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ilifuta kinga hiyo. Kifungu cha 26 bado kinaichukulia hatimiliki kuwa ushahidi wa awali wa umiliki kamili, ila kimeacha milango miwili. Wa kwanza ni ulaghai, na hapo sharti ithibitishwe kwamba mwenye hati mwenyewe alishiriki. Wa pili ni hati iliyopatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa mpango wa kifisadi. Kwenye mlango huu wa pili sharti la kushiriki halikuandikwa, na tofauti hiyo ndogo ya maneno ndiyo inayomtikisa mnunuzi asiye na hatia.

Katika shauri la Nyali, Mahakama ya Juu haikutosheka na jina la mwisho. Ilirudi nyuma hadi 1989, kiwanja kilipogawiwa Daniel arap Moi, rais wa wakati huo. Kilikuwa eneo la wazi lililotengwa kwa matumizi ya umma, na utaratibu wa kugawa ardhi ya umma haukufuatwa. Kwa kuwa hati ya kwanza ilikuwa batili, waliofuata hawakuwa na cha kurithi. Aprili 2023 kampuni ilishindwa, huku mahakama ikikumbusha kwamba Ibara ya 40(6) ya Katiba hailindi mali iliyopatikana isivyo halali.

Uamuzi huo ni wa haki kwa watu wa ufuoni, lakini unamrudishia mnunuzi mzigo ambao Torrens alitaka kuutua. Sachi ya siku hizi humwonyesha mmiliki wa leo na madeni yaliyo juu ya kiwanja. Haionyeshi barua ya ugawaji, ramani ya mpango iliyotangulia barua hiyo, wala kumbukumbu za upimaji. Hizo mnunuzi wa kiwanja kilichotoka serikalini lazima azidai kabla hajalipa.