Miguu Isiyolala: Mazungumzo kwa Wana Igowole



Katibu aliponiomba nizungumze juu ya afya, alitarajia niongelee presha na sukari. Nimemwomba radhi. Nitaongea juu ya uchovu, kwa sababu kila nikija likizo nyumbani nasikia neno lile lile: "Nalala, lakini naamka nimechoka." Uchovu una sababu nyingi. Leo nachukua moja tu, ambayo hujificha, na sisi watu wa Mufindi tuna njia yetu ya kuikaribisha.

Nianze na ndugu yangu mmoja, mama wa miaka 38, mchumaji wa chai. Kwa karibu miaka miwili alikuwa anasinzia mchana hata akiwa amesimama kwenye mstari wa kupima majani. Usiku hakupata usingizi. Alipoulizwa kwa nini, alisema miguu haitaki kutulia. Si maumivu hasa. Ni kama kuna vitu vinatambaa ndani ya mifupa ya ugoko, na asipoisogeza miguu anahisi atapiga kelele. Akiinuka na kuzunguka nyumba, hali inapoa. Akirudi kitandani, inaanza tena, mpaka saa nane au saa tisa usiku. Mumewe alishahamia kitanda cha watoto.

Alitibiwa malaria, akatibiwa yutiai, na mahali fulani akapewa vidonge vya mzio vile vinavyoleta usingizi, ili alale. Miguu ikazidi. Hilo halikunishangaza. Dawa za mzio za kusinzisha, na pia amitriptilini ambayo wengi hupewa kwa ajili ya usingizi, zinaweza kuchochea hali hii hii. Mtu anaongeza dawa ya kulala na anazidi kukosa usingizi.

Hali ya miguu isiyotulia ilielezwa kwa kina na daktari Msweden, Karl-Axel Ekbom, mwaka 1945. Tangu siku hizo ilionekana kwamba wengi wenye nayo wana upungufu wa madini ya chuma. Tumezoea kuyafikiria madini haya kama kitu cha damu tu, lakini ubongo nao unayahitaji ili kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mwendo wa mwili. Madini ya chuma katika damu hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na usiku huwa chini. Hiyo ni sababu mojawapo inayodhaniwa kuifanya miguu isumbue zaidi jioni na usiku.

Sasa sikilizeni mahali tunapoteleza. Ndugu yangu alikuwa amepimwa damu mara mbili. Mara ya mwisho wingi wa damu ulikuwa 12.4, naye akaambiwa damu ipo. Kwa mwanamke asiye mjamzito mpaka wa kawaida ni 12, kwa hiyo aliyemwambia hakusema uongo. Ila mpaka huo umewekwa kwa watu wa usawa wa bahari. Sisi tunaishi juu, kwenye hewa nyepesi, na mwili wa mtu wa huku hutengeneza damu nyingi zaidi ili kufidia. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kwa watu wa kati ya mita 1,500 na 2,000 utoe takriban gramu 1 kabla ya kulinganisha na mpaka. Toa 1 kwenye 12.4 uone unabaki na nini.

Tena hata damu ikiwa kamili, ghala linaweza kuwa tupu. Mwili ukipungukiwa chuma hula akiba kwanza. Damu huanza kushuka baadaye. Akiba hiyo hupimwa kwa kipimo kiitwacho feritini, ambacho mara nyingi utakipata kwenye hospitali kubwa na si zahanati. Yake ilikuwa 9. Kwa mtu mzima mwenye afya, chini ya 15 ni ghala tupu, na kwa mwenye miguu isiyotulia madaktari hufikiria kumpa chuma hata akiwa na 75. Tahadhari moja: ukiwa na homa au uvimbe mwilini, feritini hupanda kwa uongo. Usipime ukiwa mgonjwa.

Chuma chake kilikwenda wapi? Hedhi yake ilikuwa nzito, siku saba, na hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuona kama ni ugonjwa. Hilo lilikuwa tundu la kutokea. Mlango wa kuingilia nao ulikuwa umefungwa, na hapa ndipo nitakapowaudhi: ulifungwa na chai. Alikula ugali, maharage na mnafu, chakula chenye chuma, lakini chuma cha mimea ambacho utumbo hukipokea kwa shida. Ukishushia na kikombe cha chai ya rangi, vile vinavyoipa chai ukali wake hukishika chuma na kutoka nacho. Kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kupunguza chuma kinachoingia kwa zaidi ya nusu. Yeye alikunywa chai asubuhi, mchana na jioni, kila mara pamoja na chakula.

Hakuambiwa aache chai. Nani angemsikiliza? Aliambiwa asubiri angalau saa moja baada ya kula, na kwenye maharage akamulie limau au ale chungwa, kwa sababu vitamini C hukisaidia chuma kuingia. Akapewa vidonge vya chuma, kimoja kila baada ya siku moja, kwa maji, tumbo likiwa tupu. Kumeza vingi kila siku si lazima kuharakishe mambo. Mwili ukipokea dozi kubwa hujifunga kwa muda, na tumbo linachafuka bure. Choo kilikuwa cheusi, jambo la kawaida. Vidonge aliviweka juu ya kabati, maana mtoto mdogo akimeza vichache tu anaweza kufa. Akatibiwa pia hedhi.

Wiki mbili za kwanza hakuona kitu, akataka kuacha. Kwenye wiki ya sita alilala usiku mzima. Vidonge aliendelea navyo miezi mingine, kwa sababu ghala halijai kwa sababu tu umeanza kujisikia vizuri.

Baba zangu, msidhani haya ni ya wanawake. Mwanamume, au mama aliyekwisha koma hedhi, akikutwa na upungufu wa chuma, asiridhike na vidonge. Aulizwe anavuja wapi: vidonda vya tumbo, diklofenaki za kila siku kwa ajili ya mgongo, safura, au uvimbe kwenye utumbo.

Kuhusu vitamini nitasema kidogo. B12 ikipungua huleta uchovu, ganzi ya miguu na ulimi unaowaka. Waangalie wazee, wasiokula nyama, maziwa wala mayai, na wagonjwa wa sukari waliotumia metfomini kwa miaka mingi. Foliki asidi peke yake inaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, kwa hiyo msijinunulie tu dukani. Vitamini D na usingizi husemwa sana. Ushahidi wake bado ni dhaifu.

Na anayekoroma sana huku akikatika pumzi, huyo ana shida nyingine, chuma hakitamsaidia.

Naona akina mama wa jikoni wameshaanza kupanga vikombe. Nitakaa ile meza ya nyuma kwa mwenye swali. Chakula kwanza, na chai, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, ije saa moja baadaye.