Jina Lingoje, Kadi Isingoje
(Hotuba ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa Kata ya Gehandu)



Leo naomba tuzungumze juu ya jina la mtoto ambaye hajazaliwa. Katika familia nyingi jina hilo halitajwi, wala mjamzito haulizwi. Sikuja kuwaomba mliache jambo hili. Nimekuja kueleza namna ya kulitunza bila mtoto kukosa haki yake.

Sababu ya kwanza ya kungoja iko ndani ya majina yenyewe. Kwa Kiiraqw, Tluway ni jina linalotokana na mvua, Amsi linatokana na usiku, na Lohay linatokana na njia. Nani ajuaye kwamba mvua itanyesha siku hiyo, au kwamba uchungu utamshika mama akiwa njiani? Jina la namna hii huja pamoja na mtoto. Jirani zetu Wajaluo nao ndivyo walivyo: Otieno ni wa usiku na Onyango ni wa asubuhi. Huko pwani, familia nyingi za Kiislamu hungoja siku ya saba, ambayo huambatana na akika.

Sababu ya pili husemwa kwa sauti ya chini, nayo ni hofu ya msiba. Waswahili husema, usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Aliyepewa jina amekwisha kuwa mtu nyumbani, na kumpoteza ni kumzika mtu. Wengine huongeza kwamba jina likitangazwa mapema huvuta jicho baya. Hofu ya msiba si ya bure. Wataalamu wa afya wanatueleza kwamba kati ya watoto wanaofariki katika mwezi wa kwanza, takriban robo tatu hufariki katika wiki ya kwanza. Wazee waliosema tungoje kwanza walikuwa wameziona siku hizo kwa macho yao.

Hapo ndipo penye neno langu la leo. Siku ambazo familia hungoja jina ndizo siku ambazo mtoto anamhitaji zaidi mhudumu wa afya. Tatizo huanza pale mama anapobaki nyumbani kwa kudhani kwamba mtoto asiye na jina hawezi kuandikwa. Anaweza. Mhudumu huandika "mtoto wa" kisha jina la mama, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya kwanza ya polio hutolewa mtoto anapozaliwa, na hakuna kati ya hizo inayodai jina.

Tuchukue mfano wa mtoto aliyezaliwa tarehe 3 Machi. Ndani ya saa 48 yeye na mama yake wanapaswa kuchunguzwa. Kufikia tarehe 10, yaani siku ya saba, wanachunguzwa tena: kitovu, unyonyaji, joto la mwili. Babu akitaka kungoja hadi mwisho wa mwezi ndipo atoe jina, hakuna kilichoharibika. Tarehe 14 Aprili mtoto anatimiza wiki sita na kurudi kwa chanjo nyingine. Wakati huo jina huingizwa kwenye kadi. Lakini mtoto akiacha kunyonya, akipumua kwa shida, au mwili ukiwa wa moto au wa baridi isiyo ya kawaida, msingoje tarehe yoyote. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Liko jambo moja lenye ukomo, nalo ni usajili wa kizazi. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Kwa mtoto wetu wa Machi, siku ya tisini ni tarehe 1 Juni. Aliyezaliwa kituoni hupewa tangazo la kizazi pale pale. Aliyezaliwa nyumbani, wazazi wafike kwa Mtendaji wa Kijiji. Kabla jina halijaandikwa kwenye cheti, familia ikubaliane jina moja na herufi zake. Mtoto akiitwa Tluway nyumbani, Yohana kanisani, na shuleni jina la tatu, atahangaika kuthibitisha kwamba watu hao watatu ni yeye mmoja.

Mwisho, nawaomba wahudumu wetu wasimuulize mjamzito jina alilomchagulia mtoto. Waulize jambo linalojibika: atajifungulia wapi, nani atamsindikiza, na usafiri utapatikanaje usiku. Maswali hayo yanaandaa uzazi bila kumtaja mgeni ambaye hajafika.