Kabla Hamjafukia Bomba la Maji Machafu

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka)

Leo naongea na wale wanaolaza mabomba ya maji machafu ya mabafu. Mtaro ukishafukiwa, bomba linalovuja halionekani tena. Na hapa kambini bomba la maji ya kunywa mara nyingi linapita karibu. Saa ambazo maji yamekatwa, bomba hilo linabaki bila msukumo, na uchafu ulio nje yake unaweza kuingia kwenye ufa mdogo. Kwa hiyo tupime mtaro ungali wazi.

Tuchukue bomba la plastiki la inchi 4, urefu mita 12, kutoka mabafuni hadi shimo la kunyonya. Wekeni udongo kidogo katikati ya kila bomba ili lisisogee, lakini viungo vyote viachwe wazi. Kisha zibeni ncha zote mbili.

Vizibo viko vya aina mbili. Cha kwanza ni cha mpira kati ya sahani mbili za chuma. Ukikaza nati yake yenye masikio, mpira unatanuka na kubana ukuta wa bomba. Chagueni kile chenye tundu katikati na kifuniko kidogo, maana ndipo mtaunganisha mpira wa kupimia na ndipo maji yatatokea baadaye. Cha pili ni mfuko wa mpira unaojazwa upepo kwa pampu. Huo unafaa bomba lenye mikwaruzo ndani, ila msumari mmoja unautoboa. Matambara na udongo si kizibo.

Anzeni na upepo, kwa kuwa maji ni ya foleni. Chukueni mpira wa levo, ule unaoonyesha maji ndani, muukunje kama herufi U na kuutia maji kidogo. Upande mmoja uingie kwenye tundu la kizibo, mwingine ubaki wazi. Kwenye kizibo cha pili ingizeni upepo polepole mpaka maji ya upande mmoja yawe juu ya mwingine kwa sentimita 10. Fungeni, msubiri dakika chache upepo utulie, mrudishe kwenye 10, kisha mhesabu dakika 5. Tofauti ikibaki sentimita 7 na nusu au zaidi, bomba limefaulu. Ikishuka chini ya hapo, pakeni maji ya sabuni kwenye viungo, na msivisahau vizibo vyenyewe, maana mara nyingi wao ndio wanaovuja. Povu litawaonyesha. Jua kali nalo hudanganya: linapasha upepo, kipimo kinapanda. Pimeni asubuhi.

Upepo ukikataa na povu halionekani, msilivunje bomba. Maji ndiyo yatakayoamua. Wekeni kona ncha ya juu, na juu yake bomba la inchi 4 lililosimama mita 1 na nusu. Mtahitaji madumu 5 au 6 ya lita 20, na maji ya kufulia yanatosha. Mimineni taratibu ili upepo utoke. Kizibo cha chini kitasukumwa kwa uzito wa kama kilo 13, kwa hiyo kiegemezeni kwa gogo na kigingi, na mtu asisimame mbele yake.

Acheni maji saa 2, mjaze tena hadi alama, mpime nusu saa. Kipimo cha zamani cha Uingereza, ambacho mafundi wengi bado wanakifuata, kinaruhusu bomba la inchi 4 kupoteza sentilita 5 kwa kila mita. Kwa mita 12 ni sentilita 60, yaani chupa ya nusu lita na kidogo. Katika lile bomba lililosimama, maji yatashuka karibu sentimita 8. Mkisimamisha mpira mwembamba badala yake, maji hayo hayo yatashuka mbali sana na mtaogopa bure. Ndiyo maana mimi napendelea kujaza tena kwa chupa na kuhesabu kilichoingia.

Lakini plastiki mpya yenye ringi za mpira inapaswa kushuka kidogo mno. Ikikaribia sentimita 8, kuna kiungo kibaya, hata kama sheria imekiruhusu. Tafuteni udongo uliolowa chini ya kiungo. Mkikifungua mtakuta mchanga kwenye ringi, au ringi iliyosukumwa kwa sababu ncha ya bomba haikupigwa tupa.

Mkimaliza, fungueni kwanza kile kifuniko kidogo, maji yatoke yote, ndipo mlegeze kizibo. Fukieni kwa udongo usio na mawe, halafu rudieni kipimo cha upepo, maana sururu nayo hupasua.

(Muziki)