Kitabu cha Buha Kisichopatikana Dukani

Wazee wa Gwarama na vijana wao wakibishana juu ya mahari ya zamani, kila mmoja husema lake, na wanaokumbuka wanapungua. Maandishi yapo. J. H. Scherer aliandika tasnifu juu ya ndoa na mahari katika nyanda za juu za Buha, ikachapishwa kwa Kiingereza huko Groningen, Uholanzi, mwaka 1965. Haiuzwi tena madukani. Je, tuipateje?

Kwanza, usiulize namba ya ISBN. Namba hiyo ilianza kutumika kimataifa mwaka 1970, kwa hiyo kitabu hiki hakikuchapishwa nayo. Ukiingia AbeBooks au BookFinder, ambako huonekana mali za wauza vitabu vikuukuu wa nchi nyingi, andika maneno mawili tu: Scherer Buha. Ukiandika jina zima unaweza kukikosa, maana neno la mahari mmoja huliandika bridewealth na mwingine bride-wealth. Usipokiona leo, rudi tena mwezi ujao. Nakala huingia moja moja.

Ukikiona, usitume fedha kwanza. Mwombe muuzaji picha ya ukurasa wa jina na ya ukurasa wa mwisho, na gharama ya posta hadi Tanzania, ambayo yaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Muhuri wa maktaba ndani yake usikutishe: maktaba nyingi huuza nakala zilizoondolewa rafuni, na mara nyingi huwa rahisi. Angalia pia mwaka. Scherer huyo huyo aliandika makala juu ya Waha katika jarida la Anthropos mwaka 1959. Ni makala nzuri, lakini siyo kitabu hiki. Tarehe ikiwa 1959, umeuziwa kitu kingine.

Njia ya pili ni maktaba. WorldCat huonyesha maktaba zipi duniani zina kitabu. Lakini kuazimana kati ya maktaba si jambo la mtu binafsi: maktaba huiomba maktaba. Basi mpelekee mkutubi wa maktaba ya mkoa karatasi yenye jina la mwandishi, jina la kitabu, mji na mwaka, umwombe apeleke ombi kwenye makao makuu ya Bodi ya Huduma za Maktaba, Dar es Salaam. Uliza gharama mapema. Maktaba nyingi hazitoi vitabu vya namna hii nje ya nchi. Lakini huweza kukubali kunakili sura moja. Kwa hiyo omba kwanza ukurasa wa yaliyomo, kisha utaje sura unayoihitaji.

Wauza vitabu vya mitumba wa Dar es Salaam nao wasisahauliwe. Hawana orodha, waachie jina la kitabu na namba yako ya simu.

Kikifika Gwarama, kisomeni pamoja na wazee. Scherer aliandika aliyoambiwa, na aliyekuwapo aweza kumsahihisha. Ila asahihishe mapema, angali hai.