Osmosisi: Kutoka Bakuli la Kachumbari hadi Kwenye Figo

Mada kwa semina ya walimu wa biolojia wa shule za sekondari



Muulize mwanafunzi osmosisi ni nini, atakutajia fasili ya daftarini bila kukosea neno. Muulize kwa nini anayekunywa maji ya bahari hukaukiwa mwili hali ya kuwa amekunywa maji, atakujibu: "Chumvi inanyonya maji." Jibu hilo linamtosha jikoni, lakini haliwezi kumfikisha baharini. Napendekeza tuanze na mboga, tupite bustanini, kisha tuingie kwenye figo, maana hapo ndipo osmosisi peke yake inaposhindwa kueleza jambo zima.

Tuchukue tango. Likate vipande vyembamba, uvigawe katika mabakuli mawili, na bakuli moja ulinyunyizie kijiko cha chai cha chumvi. Baada ya nusu saa vipande vyenye chumvi vitakuwa vimelegea, vinapinda bila kuvunjika, na chini yake kuna maji. Bakuli la pili litakuwa karibu kavu. Waache wanafunzi wabishane maji yametoka wapi kabla ya kuwaambia.

Kilichotokea ni hiki. Chumvi iliyeyuka katika unyevu uliokuwa juu ya kipande, ikafanya maji makali ya chumvi kuliko utomvu uliomo ndani ya seli. Kati ya pande hizo mbili upo utando wa seli, unaopitisha maji kwa urahisi kuliko chumvi. Molekuli za maji hupita huku na huku wakati wote. Upande uliokolea chumvi, zinazorudi ndani ni chache kuliko zinazotoka, hivyo hesabu ya mwisho ni seli kupoteza maji. Chumvi haikunyonya chochote. Mwanafunzi akilishika hilo, ataelewa pia kwa nini sukari juu ya vipande vya embe hufanya vivyo hivyo, ingawa sukari si chumvi.

Jambo linalosahauliwa sana darasani ni kwamba utando huo lazima uwe mzima. Kata vijiti viwili vya mbatata vinavyolingana, kimoja ukichemshe mpaka kiive. Viweke vyote katika maji matupu kwa saa moja. Kibichi kitakuwa kigumu zaidi kwa sababu kimeingiza maji. Kilichochemshwa kitabaki laini, kwa kuwa moto umeharibu utando, na pasipo utando hakuna osmosisi. Jaribio hili halina gharama, nami naliona bora kuliko mchoro wowote wa ubaoni.

Hata mpishi anaijua tofauti hii bila kuitaja. Vitunguu vya kachumbari vilivyotiwa chumvi kwa dakika chache kisha vikasuuzwa huweza kurudia ukakamavu wake, maana seli bado ziko hai na zinarudisha maji. Maembe ya achari yaliyolala na chumvi siku kadhaa hayarudi hata uyaloweke kutwa. Seli zimekufa, tando zimepasuka, na chumvi imeingia mpaka ndani ya nyama ya embe. Kwa hiyo kusema achari hutengenezwa kwa osmosisi ni kusema kweli kwa siku ya kwanza tu.

Sasa bustani. Fungu la mchicha lililonyauka sokoni halijapoteza mifupa, kwani halikuwa nayo. Jani laini husimama kwa sababu seli zake zimejaa maji na zinasukuma kuta zake. Maji yakipungua, msukumo unapungua na jani linalala. Muuzaji anayechovya mashina katika ndoo ya maji anarudisha msukumo huo. Ukuta wa seli nao huizuia isipasuke maji yanapoingia kwa wingi, kinga ambayo seli nyekundu za damu hazina.

Mnyauko unaosumbua ni ule unaotokea udongo ukiwa umelowa. Mkulima anaona mmea umelala, anaongeza maji, na mmea hausimami. Sababu mojawapo ni mbolea ya chumvichumvi iliyorundikwa karibu na shina, au maji ya kisima yaliyoingiliwa na bahari. Maji ya udongoni yamekolea kiasi kwamba mzizi unashindwa kuyavuta, na kingo za majani huanza kuungua. Dawa ni kumwagilia maji matamu mengi yasukume chumvi chini ya mizizi, ilmradi udongo unapitisha maji. Lakini tusimhukumu mkulima haraka. Majani yanayolala adhuhuri na kusimama jioni ni ya kawaida siku ya jua kali. Nyanya zinaweza kunyauka kwa bakteria pia: kata shina, utumbukize ncha yake katika glasi ya maji safi, na ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, hiyo si osmosisi, huo ni ugonjwa.

Twende baharini. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi mbalimbali. Maji ya chumvi yanayotiwa mgonjwa hospitalini kwa dripu yana gramu 9 kwa lita, kiasi kinacholingana na damu. Anayekunywa bahari, basi, anaingiza kitu kilichokolea karibu mara nne ya damu yake. Chumvi ikifika katika damu, maji hutoka ndani ya seli za mwili kuifuata, kama yalivyotoka kwenye tango. Kiu huzidi, na seli za ubongo zikisinyaa mtu huchanganyikiwa.

Hata hivyo maji hayo bado yamo mwilini, yamehama tu kutoka ndani ya seli kwenda nje yake. Kinachoyatoa ni figo. Tuipigie hesabu kloridi, sehemu kubwa ya chumvi ya bahari, kwa kipimo cha milimoli. Lita moja ya bahari ina takriban milimoli 535 za kloridi. Figo la binadamu, likijitahidi mno, hukoleza mkojo mpaka takriban milimoli 400 kwa lita. Gawanya 535 kwa 400, utapata kama lita 1.35 za mkojo. Mtu amekunywa lita moja, na ili kuondoa chumvi yake anatoa lita moja na theluthi. Hiyo theluthi imetoka mwilini mwake. Na hapo hatujahesabu urea ambayo figo lazima liitoe kila siku, wala magnesiamu na salfeti za bahari zinazoweza kumharisha na kumpotezea maji zaidi. Nyangumi hukoleza mkojo wake kuliko sisi na kuliko bahari yenyewe, ndiyo maana hesabu hiyohiyo kwake hutoa faida.

Kila mara atatokea wa kumtaja Alain Bombard, daktari Mfaransa aliyevuka Atlantiki mwaka 1952 katika mashua ya mpira akidai kunywa maji ya bahari kidogo kidogo. Bombard alikunywa pia maji ya mvua na majimaji ya samaki, akafika amekonda kilo 25 hivi, na Mjerumani Hannes Lindemann, aliyevuka bahari hiyo baadaye, alipinga madai yake.

Naomba basi hesabu ya figo ifundishwe pamoja na jaribio la tango, hasa katika shule za pwani zenye watoto wa wavuvi. Chombo kikizimika injini na maji ya kunywa yakawa machache, maji ya bahari yasinywewe, wala yasichanganywe na yale matamu ili yaonekane mengi. Chumvi iliyochanganywa bado itahitaji maji ya kuitoa.