Salamu za Diwali kwa Jirani



Kila mwaka Diwali inapokaribia, majirani hutuuliza watusalimuje. Tumeona vema tuwajibu leo, tena kwa Kihindi, ingawa wengi wetu nyumbani husema Kigujarati. Kihindi masikio yenu yamekwisha kukizoea kwa sababu ya filamu.

Salamu fupi ni “Shubh Dipavali”. Shubh ni heri. Dipa ni taa, na avali ni safu. Mtu wa ziwani hahitaji kuelezwa zaidi. Diwali huangukia usiku ambao mwezi hauonekani, na siku hizo za giza ndizo wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao. Sisi tunapopanga vijitaa vya udongo kizingitini, wao huko majini wana safu yao.

Ulimi ukiwa mzito, “Diwali mubarak” yatosha. Ni mubarak ile ile ya Idi, neno la Kiarabu lililoingia katika Kihindi kwa njia ya Kiajemi. Kesho yake sisi Wagujarati huamkiana “Sal mubarak”, kwa kuwa mwaka wetu mpya umeingia.

Anayetaka kuombea heri zaidi na aseme: “Aapko sukh-samriddhi mile”, yaani, upate raha na neema. Sukh ni utulivu wa moyo na wa nyumba; samriddhi ni riziki inayoongezeka. Lakini neno la kuangaliwa ni lile la kwanza. Aapko ni “wewe” ya heshima, na tumko ni ya marafiki wa rika moja. Filamu zimejaa tumko, maana humo wanaosemezana sana ni vijana wapendanao.

Mwaka mmoja jirani yetu, mama auzaye dagaa, alimwamkia bibi yetu kwa tumko mbele ya wageni. Ilikuwa kama kumwambia mzee “mambo” mahali pa “shikamoo”. Watoto wetu wakacheka, nasi wakubwa hatukuwakanya. Mama yule akaona haya, na Diwali iliyofuata hakufika mlangoni. Aibu ile ilikuwa yetu, si yake. Alikuja na heri, tukampokea kwa kicheko.

Bibi hakungoja. Alichukua sahani ya ladu, akavuka njia kwa mkongojo wake, akabisha hodi. Mlango ulipofunguliwa, yeye, aliyemzidi mwenzake miaka mingi, ndiye aliyetangulia kusema: “Aapko sukh-samriddhi mile.”

“Nijibuje, Bibi?” akauliza mama yule.

“Sema, aapko bhi. Nawe pia.”

Akasema. Kisha akamvuta ndani, akamkalisha, na sahani ikarudi kwetu jioni ikiwa imejaa karanga.